Kutoka noti za lekcha hadi maneno ya mdomo: namna ya kuandika skripti ya kumweleza asiyejua

Nikiwa mwaka wa pili chuo cha afya nilikuwa na noti za lekcha moja ya kuhara na upungufu wa maji mwilini. Kurasa nne, na karibu kila mstari nimeupaka wino wa njano. Ungeniuliza pakiti ya ORS ina gramu ngapi za chumvi, ningekujibu kabla hujamaliza swali. Likizo nikaenda Tanga kwa mamdogo, nikamkuta mjukuu wake anahara. Baada ya shikamoo na habari za safari akaniuliza: "Hivi mwanangu, hayo maji ya chumvi na sukari yanamsaidiaje mtoto ambaye kila anachokunywa kinatoka?"

Nilianza vizuri. Nikasema kuhara ni kupata choo chepesi mara tatu au zaidi kwa siku. Akanikatiza: "Hilo nalijua, nimelea watano." Nikarukia osmolariti. Hapo nikakwama, maana neno lenyewe nilikuwa nalo, lakini la kusema baada yake sikuwa nalo.

Usiku ule nilikaa na noti zilezile nikaandika skripti ya kusema kwa mdomo, na kesho yake nikamweleza upya. Namna nilivyoiandika ndiyo ninayoieleza hapa, kwa somo lilelile, kwa sababu mbinu hii haionekani mpaka uione ikifanya kazi kwenye jambo moja.

Anza na swali, noti ziwe zimefungwa

Chukua karatasi tupu, andika juu kabisa swali ambalo msikilizaji wako angeliuliza yeye mwenyewe, kwa maneno yake. Usiandike kichwa cha somo. "Tiba ya upungufu wa maji mwilini" ni kichwa cha somo, na ukikiweka juu ya karatasi utajikuta unaorodhesha yote yaliyo chini yake. Swali la mamdogo lilikuwa tofauti: kwa nini chumvi na sukari zimsaidie mtoto wakati maji yanamtoka? Swali la namna hiyo lina mwisho. Likishajibiwa, skripti imekwisha, hata kama noti zimebaki kurasa tatu.

Sasa, noti zikiwa bado zimefungwa, jaribu kulijibu kwa sentensi mbili tatu. Utaandika kitu kibovu, na hicho kibovu kitunze. Changu kilisema: "ORS hurudisha maji na madini yaliyopotea." Sentensi hiyo si uongo, ila haijibu chochote. Mamdogo anajua maji yamepotea. Anachouliza ni yatarudije ikiwa njia yenyewe inavuja. Mahali ambapo jibu lako linalizunguka swali bila kuligusa ndipo pa kutafuta ukifungua noti.

Mwone mtu mmoja

"Anayeanza" si mtu. Chagua mmoja unayemfahamu, uandike chini ya swali mambo mawili matatu anayoyajua tayari yanayokaribiana na somo lako. Mimi niliandika: amelea watoto watano, anapika kila siku, anajua kuchanganya ORS lakini hajui kwa nini. Hilo la tatu lilinizuia kumfundisha anachokijua, na hilo la pili, kama utakavyoona, ndilo lililobeba somo zima.

Pitia noti, kila neno lipe hukumu

Fungua noti sasa. Zangu zilikuwa za Kiingereza, nikiziweka kwa Kiswahili zilisomeka hivi: "Toksini ya kipindupindu, cAMP inapanda, kloraidi inatoka, sodiamu na maji vinafuata. SGLT1 haiathiriki: sodiamu 2, glukosi 1. ORS ya 2002: osmolariti 245; NaCl g 2.6, glukosi g 13.5, KCl g 1.5, sitreti g 2.9 kwa lita. Zinki siku 10 hadi 14."

Kila neno la kitaalamu lina hukumu tatu tu: linaondoka, linabadilishwa, au linafundishwa. Linaondoka kama mnyororo wa maelezo haukatiki bila hilo. cAMP iliondoka hivyo, ingawa kwenye mtihani ina maksi zake, na osmolariti 245 nayo ikaondoka. Linabadilishwa kama lipo neno la nyumbani linalofanya kazi ileile: sodiamu na kloraidi nikaziita chumvi, glukosi nikaiita sukari. Linafundishwa kama hakuna namna ya kulikwepa, na hapo ujibane. Kwa maelezo ya dakika nne au tano, mawili yanatosha. Mimi nilibakisha moja tu, "utumbo mwembamba", na hata hilo nililipitia haraka.

Sisi tunaosoma kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Unachukua kamusi, unatafsiri, unapata "ufyonzwaji wa glukosi kupitia kisafirishi", unaridhika kwamba sasa ni Kiswahili. Ni Kiswahili kweli, lakini mamdogo hajasogea hata hatua moja. Dawa yake ni kuyawinda majina yanayoanza na u- na kuyarudisha kuwa vitendo vyenye mtendaji. Ufyonzwaji: nani anafyonza? Utumbo. Basi andika "utumbo unanyonya sukari". Upotevu wa maji: maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi? Mara nyingi ukijaribu kugeuza jina kuwa kitendo unagundua hujui mtendaji ni nani, na hapo umelishika pengo ambalo lekcha nzima ulilificha kwa kunakili.

Tafuta uti wa mgongo

Hatua hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, karibu saa nzima. Noti hufuata mpangilio wa mhadhiri: fasili, visababishi, aina, dalili, tiba. Mpangilio huo unafaa kutafutia kitu baadaye, lakini haufai kueleza, kwa sababu ndani yake jambo halizai jambo.

Andika mambo yako uliyobakisha kila moja kwenye mstari wake, halafu kati ya kila mistari miwili jaribu kuchomeka "kwa hiyo" au "kwa sababu". Likiingia bila kulazimishwa, mistari hiyo imeshikana. Kama neno pekee linaloingia ni "pia", mmoja kati ya hiyo miwili unaelea. Kwangu ilikuwa hivi: sumu inafanya ukuta wa utumbo umwage chumvi ndani ya utumbo, kwa hiyo maji yanatoka mwilini kuifuata. Imeshika. Maji yanatoka, *pia* mtoto apewe zinki siku 10 hadi 14. Haikushika. Zinki ni muhimu, mtoto alipewa, lakini haijibu swali lililo juu ya karatasi. Nikaitoa kwenye skripti, nikaiandika pembeni niiseme siku nyingine.

Ukiendelea hivyo mara nyingi utaona kanuni moja inajirudia. Kwangu ilikuwa "maji hufuata chumvi". Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza ugonjwa, kwani chumvi ikimwagwa ndani ya utumbo maji huifuata. Ndiyo hiyo inayoeleza dawa, kwani chumvi ikirudishwa mwilini maji hurudi nayo. Mhadhiri alikuwa ameigusa mara mbili katika kurasa mbili tofauti, na mimi nikaiandika mara mbili bila kuona ni kitu kimoja.

Mfano, na pale unapokatika

Mfano mzuri ni kitu alichokwisha kukiona mwenyewe, ambacho ndani yake kanuni ileile inafanya kazi kweli. Nilianza na bomba linalovuja, nikaliacha. Bomba linaeleza kwamba maji yanapotea, halielezi kwa nini chumvi iyarudishe. Kisha nikakumbuka kachumbari. Ukikata nyanya na kitunguu ukanyunyiza chumvi, baada ya muda bakuli lina maji chini ambayo hukuyamimina. Hapo hakuna mfano wa kufananisha tu. Kinachotokea bakulini ni jambo lilelile, maji yanatoka ndani ya nyanya kwenda kwenye chumvi.

Kitu cha pili kilihitaji mfano wa kubuni. Ukuta wa utumbo una kipitisho, kile noti zinachokiita SGLT1, kinachoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Nikakiita mlango ambao haufunguki kwa mmoja, unataka wawili waje pamoja. Mfano wa kubuni kama huu lazima uujue unakatikia wapi, uandike pembeni kwa penseli. Wangu unakatika kwenye idadi: kila mara sodiamu huingia mbili kwa glukosi moja. Unakatika tena mtu akidhani kwamba kama sukari inafungua mlango, sukari nyingi itaufungua zaidi. La kwanza halina madhara kwa mamdogo. La pili linaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo lazima skripti ilizibe.

Andika kama unavyosema

Sasa andika, kila sentensi uitamke kabla ya kuiandika. Sentensi isiyotoka kwa pumzi moja ikate. Weka alama ya kunyamaza pale unapotaka yeye ajibu, na uiheshimu, maana ukishazoea skripti utaanza kujijibu mwenyewe. Vipimo vinakiliwe vilevile, usivitegemee kichwani, kwa sababu msikilizaji atavitumia. Hii ndiyo iliyotoka:

"Mamdogo, ukinyunyiza chumvi kwenye kachumbari ukaiacha kidogo, chini ya bakuli unakuta nini? *(Nyamaza.)*

"Maji. Na hukumimina maji. Yametoka ndani ya nyanya yakaifuata chumvi. Shika hilo moja tu: maji hufuata chumvi.

"Sasa twende kwenye utumbo mwembamba. Chakula na maji vinapita humo, na ukuta wake ndio unaovinyonya kuvipeleka kwenye damu. Mdudu wa kipindupindu akiingia anatoa sumu. Sumu hiyo inaufanya ukuta umwage chumvi kwenye utumbo. Chumvi ikimwagika humo, maji ya mwilini yatafanya nini? *(Nyamaza.)*

"Yataifuata. Kwa hiyo mtoto anahara maji. Si yale aliyokunywa tu, ni ya mwili wake.

"Ukimpa maji matupu, hayana chumvi ya kuyavuta yarudi kwenye damu, kwa hiyo hayamrudishii alichopoteza. Lakini ukuta una mlango mmoja ambao ile sumu haikuugusa. Chumvi ikija peke yake, haufunguki. Sukari ikija peke yake, haufunguki. Zikija pamoja unafunguka, zinaingia zote. Chumvi ikishaingia, maji? *(Nyamaza.)*

"Yanaifuata. Ndiyo maana pakiti ina vyote viwili. Kuhara hakutakata leo leo, usitishike. ORS kazi yake kurudisha maji, si kufunga choo.

"Pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja ya maji safi, yote kwa mara moja. Soma pakiti, maana zipo za nusu lita. Yakimaliza siku moja na usiku wake, mwaga, tengeneza mengine. Huyu ni mdogo, mpe kijiko cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika subiri dakika kumi, anza tena polepole zaidi. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia, au ukiona damu kwenye choo, usiendelee nyumbani, mpeleke hospitali."

Nilipoisoma kwa sauti mara ya kwanza nikiwa na saa, ilichukua kama dakika tatu. Pamoja na yeye kujibu ilikaribia sita. Pima hivyo mara mbili, peke yako na pamoja naye, kwa sababu skripti inayokuchukua dakika kumi ukiwa peke yako itamchosha kabla hamjafika kwenye mlango.

Kuna udanganyifu mdogo ndani ya skripti hii na niliuingiza makusudi. Mtoto yule pengine hakuwa na kipindupindu. Watoto wadogo wengi huharishwa na virusi, vikiwemo vya rota. Nilichagua kipindupindu kwa sababu mnyororo wake ni mnyoofu. Kurahisisha namna hii si kosa, mradi uwe umeandika pembeni ni nini ulichokirahisisha, ukiulizwa usibabaike.

Mgeuzie maneno

Mwisho wa skripti usiandike "umeelewa?". Kwetu swali hilo lina jibu moja, "nimeelewa", na mtu mzima atakujibu hivyo kwa adabu tu. Andika badala yake swali moja ambalo hawezi kulijibu kwa kurudia maneno yako, lazima aitumie ile kanuni mahali papya. Langu lilikuwa: "Mamdogo, ORS imeisha, jirani anasema mpe soda, nayo ina sukari. Utamjibu nini?"

Jibu ninalolitaka nililiandika kabla, ili nisidanganyike na jibu lililokaribia. Soda ina sukari nyingi na chumvi kidogo mno. Sukari iliyozidi hubaki ndani ya utumbo, na maji huifuata sukari pia, kama yanavyoifuata chumvi, kwa hiyo mtoto anaweza kuhara zaidi. Mamdogo alisema: "Chumvi haimo, mlango haufunguki." Nusu ya jibu, na nusu nzuri. Nusu ya pili hakuipata kwa sababu skripti ilikuwa imesema maji hufuata *chumvi* tu. Kosa lilikuwa langu. Nikaongeza sentensi moja baada ya kachumbari: "Na sukari nayo huvuta maji hivyohivyo." Mchanganyiko wa nyumbani pasipo pakiti, yaani lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, niliuweka baada ya hapo. Sasa alikuwa na sababu ya kutozidisha kile cha saba.

Alama za kukwama

Ukimweleza, weka karatasi mbele yako na penseli mkononi. Kila unaposema "yaani" mara mbili mfululizo, tia alama. Kila unapoliruka neno lililoandikwa ukatamka jingine, tia alama, na mara nyingi lile la mdomoni ndilo bora. Kila anapouliza kitu ambacho hakimo kwenye noti, andika swali lake kama alivyolisema.

Mamdogo aliuliza moja: "Kama utumbo umeharibika hadi unamwaga maji, huo mlango umesalimikaje?" Sikuwa na jibu. Noti zangu zilisema tu "SGLT1 haiathiriki", na mimi nikanakili. Nilimwambia nitamletea jibu, kisha nikarudi kwenye kitabu. Sumu ya kipindupindu haiuharibu ukuta, inaziamuru tu chembe za ukuta zimwage chumvi, na mlango wa sukari na chumvi hauko chini ya amri hiyo. Virusi vya rota ndivyo vinavyoharibu uso wa utumbo wenyewe, ila si wote, na sehemu iliyobaki nzima hutosha kwa watoto wengi. Maneno hayo yakawa sentensi mbili mpya kwenye skripti, na mstari mmoja kwenye noti zangu, kwa kalamu nyekundu.

Siku mbili baadaye nilimsikia mamdogo uani akimweleza jirani. Kachumbari ilikuwepo, mlango ulikuwepo, hata kunyamaza alinyamaza ili mwenzake ajibu. Halafu akasema, "Basi sukari ndiyo dawa yenyewe, chumvi inaisindikiza." Nikaingia ndani nikaitoa karatasi. Niliisoma ile sehemu ya mlango na kuona aliitoa wapi kauli hiyo. Pembeni, kwa haraka, nilikuwa nimeandika "sukari inafungua", na siku ile nililisoma hilo badala ya lililokuwemo. Nikalifuta, nikaandika juu yake: "Sukari inamshika chumvi mkono waingie. Anayefuatwa na maji ni chumvi." Kisha nikatoka uani, nikaomba kiti.